Moyo Unapopiga Polepole na Atropini Ikagonga Mwamba

Katika toroli la dawa za dharura la karibu kila hospitali ya Afrika Mashariki utakuta vichupa vidogo vya atropini. Aghalabu kimoja huwa na miligramu 1 ya dawa ndani ya mililita 1. Akiletwa mgonjwa ambaye mapigo ya moyo yamepungua mno, jasho la baridi linamtoka na presha iko chini, hiyo ndiyo dawa ya kwanza anayoikimbilia muuguzi, na hakosei. Haihitaji mashine, hufanya kazi ndani ya dakika moja au mbili, na ikikubali, mtu aliyekuwa hajibu akiitwa huanza kuuliza yuko wapi. Lakini wapo wagonjwa ambao atropini haitawasaidia hata wakipewa vichupa vitatu, na dakika zinazopotea zikisubiriwa matokeo ndizo zinazowamaliza. Yanayofuata yanahusu tofauti ya wagonjwa hao, na kinachofanyika dawa ya kwanza isipofua dafu.

Moyo wa polepole si ugonjwa kila mara. Kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna kundi dogo la seli liitwalo nodi ya sainasi. Seli hizo hujitengenezea umeme zenyewe, na kila zinapoutoa, umeme husambaa na moyo hupiga pigo moja. Kwa mtu mzima aliyetulia, hilo hutokea kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Umeme ukianzia palepale panapotakiwa na kupita njia yake ya kawaida, ila kwa kuchelewa, hali hiyo huitwa bradikadia ya sainasi. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kukaa na mapigo 45 na asihisi lolote, kwa sababu moyo wake umepanuka kwa mazoezi na kila pigo linasukuma damu nyingi, tuseme mililita 110. Zidisha kwa 45 utapata karibu lita 5 kwa dakika, kiasi kilekile anachotumia mtu mwingine yeyote aliyetulia.

Mama wa miaka 66 mwenye presha na kisukari hana akiba hiyo. Moyo wake husukuma kama mililita 70 kwa pigo. Mapigo yakishuka hadi 34, hata kila pigo likijikaza likafika mililita 85, mwili mzima unapata lita isiyotimia 3 kwa dakika. Ndiyo maana anayejua kazi haogopeshwi na namba peke yake. Huangalia kama presha imeshuka, kama mgonjwa amechanganyikiwa au amezimia, kama kifua kinamuuma, kama anahema kwa shida kwa sababu mapafu yamejaa maji, kama mikono na miguu imekuwa baridi. Mapigo yakiwa chini ya 50 na likapatikana hata moja kati ya hayo, na hakuna sababu nyingine inayolieleza, hiyo ni dharura. Yote yasipokuwepo, mgonjwa huunganishwa na mashine ya kufuatilia moyo, sababu ikatafutwa kwa utulivu, na hachomwi sindano yoyote.

Huyo mama wa miaka 66 tumwite Bi Zainabu. Nimemuunda kutokana na mambo yanayowapata wagonjwa wengi wa aina yake, na hakuna hata moja kati ya yanayomkuta hapa ambalo ni nadra. Figo zake zimeanza kuchoka. Kila asubuhi anakunywa atenololi na losatani, vidonge viwili vya presha vinavyojulikana sana. Siku tatu amekuwa akiharisha na kutapika, hata uji haukai tumboni, lakini vidonge hakosi kwa sababu aliambiwa asiache dawa hata siku moja. Siku ya nne binti yake anamkuta kitandani akizungumza maneno yasiyoeleweka. Wanapofika hospitali ya wilaya, mapigo ni 34, presha 76 kwa 40, mikono ya baridi mpaka kwenye viwiko. Kiwango cha oksijeni ni asilimia 95 na sukari ni 8.2, kwa hiyo mambo hayo mawili hayahusiki.

Muuguzi wa zamu anafanya yanayopaswa. Anaweka kanula kwenye mshipa mkubwa wa mkono, anaunganisha mashine, anaagiza kipimo cha umeme wa moyo, na anachoma atropini miligramu 1 kwa mkupuo, kisha maji ya chumvi ili dawa isibaki mkononi. Baada ya dakika mbili mashine inasoma 37. Baada ya nne, anachoma miligramu nyingine. Inasoma 38, na presha haijapanda.

Ili kuelewa kwa nini imekuwa hivyo, inabidi kujua atropini inafanya nini hasa. Kutoka chini ya ubongo hushuka neva iitwayo vagasi, na tawi lake linafika kwenye nodi ya sainasi. Neva hiyo ni breki ya moyo. Inapobanwa hutoa kemikali ya asetilikolini, na nodi hupunguza mwendo. Atropini hukaa kwenye vipokezi ambavyo asetilikolini ingevishika, kwa hiyo breki inaachia. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote kwa moyo. Haiongezi nguvu yoyote, haiamshi seli zilizochoka, haiondoi sumu. Kama hakuna anayekanyaga breki, kuiachia hakubadilishi kitu.

Kwa hiyo inafaa sana pale ambapo vagasi ndiyo yenye kosa. Kijana anayezimia akiona damu yake ikitolewa yumo katika kundi hilo, ingawa yeye mara nyingi huhitaji kulazwa tu na kuinuliwa miguu. Mgonjwa aliye chini ya nusukaputi, daktari wa upasuaji akivuta utando wa tumbo au msuli wa jicho, mapigo yanaweza kushuka ghafla hadi 30; hapo daktari humwambia mwenzake aache kuvuta, na mapigo yasiporudi, atropini hurudisha. Mgonjwa wa shambulio la moyo lililopiga sehemu ya chini ya moyo naye, hasa katika saa za mwanzo, huweza kuwa na mapigo ya polepole, kichefuchefu na jasho, mambo ambayo kwa sehemu kubwa yanaletwa na vagasi, na atropini humsaidia. Kwa huyu wa mwisho lakini inatakiwa busara: moyo unaokosa damu ukikimbizwa kupita kiasi unahitaji oksijeni zaidi na jeraha huongezeka. Mapigo 60 na presha nzuri yanatosha. Hakuna haja ya kuyafukuza mpaka 100.

Dozi nayo ina siri yake. Kwa mtu mzima ni miligramu 1, hurudiwa kila baada ya dakika 3 hadi 5, jumla isizidi 3. Chama cha Moyo cha Marekani, ambacho mwongozo wake hufundishwa hata huku kwetu, kilikuwa kikisema nusu miligramu mpaka mwongozo wa mwaka 2020 ulipopandisha hadi 1. Ubahili hausaidii hapa, kwa sababu chini ya nusu miligramu dawa hii inaweza kuyapunguza mapigo zaidi badala ya kuyaongeza. Na kikomo cha miligramu 3 kina sababu: kwa kiasi hicho breki imeachiwa karibu yote, na kinachoongezwa baada ya hapo huleta homa, mkojo kuzuia na kuchanganyikiwa, lakini si mapigo.

Kikomo hicho hakimhusu mtu mmoja tu, na kwa wasomaji wanaoishi kwenye mashamba ya pamba, kahawa au mboga ni muhimu kumtaja. Ni yule aliyekunywa au kuvuta dawa ya kuulia wadudu ya kundi la oganofosfeti. Sumu hiyo huzuia mwili kuivunja asetilikolini, ikajaa kila mahali: mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano, mate na jasho vinatiririka, kifua kinajaa majimaji, moyo unapunguza mwendo. Huyu hupewa atropini miligramu 1 au 2, kisha dozi inaongezwa maradufu kila dakika 5, na inaweza kufika makumi ya miligramu. Anayemtibu hafuati mapigo tu. Anasikiliza mapafu, na haachi mpaka kifua kikauke.

Sasa upande wa pili. Mzee ambaye nodi yake ya sainasi imeota makovu kwa umri hana breki iliyobanwa. Seli zenyewe ndizo zimechakaa. Aliyepandikizwa moyo wa mtu mwingine amepewa moyo ambao neva zake zilikatwa, kwa hiyo vagasi haiufikii na atropini haina pa kushika. Mwili ukipoa kupita kiasi, moyo hupunguza mwendo kwa sababu ya baridi, na dawa yake ni joto. Mtoto mdogo ni habari nyingine kabisa: mapigo yake yakishuka, mara nyingi ni kwa sababu hapati hewa, na anayemkimbilia na atropini kabla ya kufungua njia ya hewa na kumpa oksijeni amekosea mlango.

Kuna pia ugonjwa unaofanana na huu kwa kidole kilichoshika mkono, lakini si huu. Mapigo 34 yanaweza kutokea kwa kuwa nodi ya sainasi inachelewa, na yanaweza kutokea wakati nodi inatoa umeme mara 80 kwa dakika lakini umeme unazuiwa njiani, chini kabisa, usifike kwenye vyumba vikubwa. Atropini ikimharakisha wa pili hapo juu, kizuizi cha chini kinaweza kuzidi. Kidole hakiwezi kutofautisha. Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo inaweza, na ndiyo maana isiachwe mpaka kesho.

Karatasi ya Bi Zainabu ilikuwa na majibu. Kabla ya kila pigo kulikuwa na kilima kidogo kinachoonyesha kuwa umeme umeanzia kwenye nodi ya sainasi, lakini kilikuwa kimefifia, karibu kulala. Michoro ya vyumba vikubwa imeanza kupanuka. Na kilima cha mwisho cha kila pigo kimesimama kirefu na chenye ncha. Daktari alimgeukia binti.

“Dada, mama anakunywa dawa gani?”

“Hizi hapa, daktari. Nimekuja nazo zote.”

Akafungua mfuko wa plastiki: atenololi, losatani, vidonge vya sukari, na kadi ya kliniki iliyoandikwa kuwa figo zinafuatiliwa. Mfuko ule ulikuwa na thamani kuliko kichupa cha tatu cha atropini.

Mambo yalikwenda hivi. Kuharisha kulimkausha maji, figo zilizokuwa zimechoka zikasimama. Potasiamu, ambayo hutolewa na figo, ikabaki kwenye damu, na losatani huifanya ibaki zaidi. Atenololi nayo hutolewa na figo, kwa hiyo kidonge cha juzi kilikuwa bado kipo kile cha leo kilipoongezwa. Potasiamu nyingi na atenololi nyingi, kila kimoja peke yake kinapunguza mwendo wa moyo. Vikiwa pamoja vinashikana mikono. Moyo ukipunguza mwendo, figo zinapata damu kidogo zaidi, na mduara unaanza upya. Potasiamu yake ilipopimwa ilikuwa 7.3, wakati ya kawaida haizidi kama 5. Lakini daktari hakusubiri maabara. Karatasi ile ilitosha.

Dawa ya kwanza ya mgonjwa huyu ni kalisiamu: kalisiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30, ikipita kwenye mshipa kwa dakika 10. Haipunguzi potasiamu hata chembe. Inazikinga seli za moyo zisiathiriwe nayo, na mafanikio yake yanaonekana kwenye karatasi ndani ya dakika chache, michoro ikianza kuwa myembamba. Kinga hiyo hudumu nusu saa hadi saa moja tu, kwa hiyo ndani ya muda huo lazima potasiamu isukumwe irudi ndani ya seli kwa insulini yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25, na sukari ipimwe tena na tena saa zinazofuata, kwa kuwa kwa mwenye figo mbovu insulini hukaa muda mrefu na sukari inaweza kuporomoka wakati watu wameshapumua. Maji aliyopoteza hurudishwa kwa dripu.

Wakati hayo yanaendelea, presha bado ni 76, na ubongo wake hauwezi kungoja. Hapa ndipo dripu ya adrenalini inapoingia. Adrenalini ni kinyume cha atropini kwa namna inavyofanya kazi: haiachii breki, inaamrisha nodi iongeze mwendo na misuli ya moyo ikaze. Kwa mtu mzima ni kati ya maikrogramu 2 na 10 kwa dakika. Mahali pasipo na pampu ya kupimia dawa, hesabu bado inawezekana, na ni nzuri kuijua. Kichupa kimoja cha adrenalini chenye miligramu 1 kinatiwa kwenye nusu lita ya dripu ya chumvi, kinatikiswa, na chupa inaandikwa kwa herufi kubwa ili asije mtu akaifungulia kama maji. Sasa kila mililita ina maikrogramu 2. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, matone 20 kwa dakika ni maikrogramu 2, matone 40 ni maikrogramu 4, matone 100 ni 10. Muuguzi anasimama na saa, anahesabu matone 10 katika sekunde 15, na anajua yuko kwenye 4.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba matone hubadilika mgonjwa akikunja mkono, kwa hiyo kila dakika chache hesabu inarudiwa na presha inapimwa. Hatari yake nyingine ni kanula kutoka ndani ya mshipa. Adrenalini ikimwagika chini ya ngozi, ngozi hupauka, huwa baridi, na inaweza kufa. Ndiyo maana ilichaguliwa kanula ya mshipa mkubwa, na ndiyo maana bandeji haifunikwi juu yake. Dopamini, maikrogramu 5 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, hufanya kazi inayokaribiana, na mwenye pampu anaweza kuichagua. Kwa Bi Zainabu, matone 60 na kalisiamu vilipandisha mapigo hadi 52 na presha hadi 98 kwa 60 katika robo saa ya kwanza. Akauliza maji ya kunywa.

Isingekubali, au mashine ingekuwa karibu na hali ni mbaya zaidi, ingetumika njia ya tatu: kuusukuma moyo kwa umeme kupitia ngozi. Paul Zoll, daktari wa Boston, aliionyesha dunia mwaka 1952, na siku hizi mashine nyingi za kushtua moyo zina uwezo huo. Pedi moja hubandikwa kifuani upande wa kushoto, nyingine mgongoni chini ya bega la kushoto. Mashine huwekwa itoe mapigo kama 70 kwa dakika, kisha umeme hupandishwa kidogo kidogo, miliampea 10 kwa hatua, mpaka kila mshale wa mashine ufuatwe na pigo pana la moyo. Ikianza kushika kwenye 70, huwekwa kama 80 ili isiteleze.

Kosa kubwa la njia hii halionekani kwa macho. Misuli ya kifua huruka kila umeme unapopita, skrini huchora mawimbi, na chumba kizima kinaamini kuwa moyo unapiga. Huenda haupigi. Lazima mapigo yathibitishwe mwilini, kwa kushika mshipa wa kinena au kuangalia wimbi la kipimo cha oksijeni kidoleni, na si shingoni, kwa sababu misuli ya shingo nayo inaruka na hudanganya vidole. Njia hii pia inauma sana, na mgonjwa anayeanza kuzinduka anastahili dawa ya maumivu na ya kumtuliza kwa dozi ndogo zisizoshusha presha zaidi. Na potasiamu ikiwa juu kama ya Bi Zainabu, moyo huweza kukataa kuitikia umeme wowote mpaka kalisiamu iwe imepita. Mwenye mashine nzuri asiyejua hilo atapandisha umeme hadi mwisho na kudhani mashine ni mbovu.

Wengine huuliza kipi kianze, dripu au umeme. Miongozo inaviweka sawa, na kwa maoni yangu, jibu linategemea kilicho karibu na kilichozoeleka kwa mikono ya waliopo. Katika hospitali ya wilaya yenye mashine iliyofungiwa ofisini na pedi zilizopitwa na muda, adrenalini iliyotayarishwa vizuri ni njia ya haraka zaidi. Jambo ambalo halina mjadala ni kwamba mgonjwa aliye kwenye mshtuko asisubiri vichupa vitatu vya atropini viishe kwa zamu. Cha kwanza kikishindwa, adrenalini inatayarishwa cha pili kikichomwa.

Vyote viwili, dripu na umeme wa kwenye ngozi, ni vya saa chache. Kama sababu haiondoki, inafuata waya unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa mpaka ndani ya moyo, na baadaye, kwa baadhi, betri ya kudumu inayowekwa chini ya ngozi ya kifua, kazi inayofanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mzee wa nodi iliyochakaa anayezimia mara kwa mara anaihitaji betri hiyo, na atropini iliyoshindwa ilikuwa dalili ya mapema. Bi Zainabu haihitaji. Siku ya pili potasiamu ilikuwa 5.4, mkojo unatoka, dripu ya adrenalini imefungwa, na moyo wake unapiga 66 wenyewe. Atenololi ilisimamishwa na dawa nyingine ya presha ikachaguliwa. Angepelekwa kuwekewa betri siku ile ya kwanza, angebeba maishani kifaa cha kutibu moyo usio na ugonjwa, kwa hiyo uamuzi wa betri husubiri mpaka dawa zitoke mwilini na figo zirudi.

Kabla ya kuruhusiwa, binti alifundishwa jambo moja la nyumbani. Mama akianza kuharisha au kutapika kiasi cha kutokunywa maji, asimpe losatani ya kesho yake kabla ya kuongea na kliniki, na ampeleke kupimwa figo na potasiamu mapema, si siku ya nne. Dawa za kundi la atenololi zenyewe zisikatishwe ghafla nyumbani kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua. Hizo huachwa kwa maelekezo ya daktari. Na ule mfuko wa dawa, pamoja na kadi ya kliniki, uendelee kukaa mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua.